Hisa iliyopanda niliiuza, iliyoanguka bado naing'ang'ania

Yaya, salamu kutoka Kampemba. Mimi nauza nyanya na mboga kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Mdogo wangu wa kiume anaishi Ubelgiji, na mwezi wa nne 2022 nilimtumia dola 2,400 aninunulie hisa huko. Nusu niliichagulia mimi mwenyewe: hisa 600 za kampuni ndogo inayotafuta kobalti nchi za nje, kila moja dola 2. Nilikuwa naona malori yenye kobalti yakipanga foleni kwenda Kasumbalesa, nikasema hapa kuna mali. Nusu nyingine alichagua yeye: hisa 40 za kampuni ya pampu za maji, kila moja dola 30.

Mwaka uliofuata za pampu zilifika dola 39. Nikamwambia auze zote kabla hazijashuka. Dola 1,200 nikarudisha kwenye biashara, faida ya 360 tukanunua frigo. Leo hisa hiyo iko dola 52, na ile ya kobalti iko senti 70. Mdogo anataka tuiuze. Anasema hisa za kampuni hiyo zilikuwa milioni 80 tuliponunua, leo ni milioni 140, na pesa waliyobaki nayo haimalizi mwaka. Mimi nakataa, kwa sababu hasara inakuwa hasara ukishauza. Zamu yangu ya likelemba inakuja: nataka kuongeza dola 420, ninunue nyingine 600, bei yangu ishuke hadi 1.35, nitoke haraka. Yeye anasema heri turudi kwenye pampu. Lakini kununua kwa 52 kitu nilichouza 39, moyo unakataa. Nani yuko sawa?

Mama wa Kampemba

*

Mdogo wangu, asante kwa kuandika na hesabu zote. Watu wengi huniletea malalamiko bila tarakimu, na bila tarakimu siwezi kumsaidia mtu.

Nianze na sokoni kwako, kwa sababu huko tayari unafanya vizuri kile unachoshindwa kukifanya kwenye hisa. Kreti ya nyanya ikianza kulainika saa nane mchana, huulizi uliinunua bei gani. Unaangalia nyanya, unaangalia wateja waliobaki, unashusha bei, unauza, na pesa inayopatikana inaingia kwenye mzigo wa kesho. Kreti nyingine ikiwa inakimbiliwa, huifichi kwa kuwa imekwisha kukupa faida ya kutosha. Jioni unahesabu meza nzima, hufungui daftari la kila kreti peke yake. Mambo mawili yanakusaidia hapo. Nyanya inaoza mbele ya macho yako, kwa hiyo huwezi kujidanganya kwamba bado ni nzima. Tena hesabu yako ni moja, kreti zote zimo ndani yake.

Kwenye hisa yote mawili yamegeuka. Hisa haitoi harufu. Na wewe, bila kukusudia, umefungua daftari mbili akilini, moja ya kobalti na moja ya pampu, kila moja ikianza na bei uliyonunulia. Mwanauchumi Richard Thaler, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2017, ndiye aliyeieleza sana tabia hii ya kugawa pesa moja katika mafungu akilini na kuliwekea kila fungu sheria zake. Hesabu hizi za akilini si ujinga. Bahasha ya minervali ya watoto inayokatazwa kuguswa inaokoa nyumba nyingi za Lubumbashi. Shida inakuja pale daftari linapokuwa na amri moja tu, kwamba lisifungwe kwa hasara. Daftari la pampu ulilifunga kwa furaha kwa dola 39. La kobalti umeliacha wazi, kwa sababu kulifunga leo ni kuandika chini kwa mkono wako mwenyewe kwamba 780 zimekwenda.

Mwaka 1985 watafiti wawili, Hersh Shefrin na Meir Statman, waliutaja kwa jina mwelekeo huu: wawekezaji huuza mapema mno hisa zilizopanda na kuzibeba muda mrefu mno zilizoshuka. Sehemu ya maelezo yao waliichukua kwa Thaler, na sehemu kwa Daniel Kahneman na Amos Tversky, ambao mwaka 1979 walikuwa wamechapisha majaribio ya jinsi watu wanavyochagua wakiwa mbele ya faida na mbele ya hasara. Jaribio moja ni rahisi sana na linaieleza barua yako karibu yote. Waliwauliza watu: unataka 3,000 za hakika, au bahati ya asilimia 80 ya kupata 4,000 na asilimia 20 ya kukosa kabisa? Asilimia 80 ya watu walichukua 3,000 za hakika. Kisha wakageuza swali: unachagua kupoteza 3,000 kwa hakika, au bahati ya asilimia 80 ya kupoteza 4,000 na asilimia 20 ya kutopoteza kitu? Sasa asilimia 92 walichagua kubahatisha.

Tazama vizuri kilichotokea. Ukiwa upande wa faida, unaogopa, unataka kufunga mkono juu ya ulichonacho. Ukiwa upande wa hasara, unakuwa jasiri kupita kiasi, kwa sababu ndani ya ile bahati ndogo kuna tumaini la kurudi sifuri. Pampu zilipofika 39 ulikuwa kwenye swali la kwanza: 360 za hakika, shika. Kobalti kwa senti 70 imekuweka kwenye swali la pili, na ndiyo maana unakubali kuhatarisha hata hizi 420 zilizobaki, pamoja na nyingine 420 juu yake, ili usiandike hasara. Mtu yule yule anaogopa upande mmoja na kubahatisha upande wa pili, na kinachomgeuza ni upande gani wa bei ya kununulia amesimama.

Na ile bei ya kununulia, nani anaijua? Wewe na ndugu yako. Soko halijui kwamba ulilipa dola 2. Kampuni haijui. Hakuna mchimbaji, mhandisi wala mnunuzi wa betri atakayefanya lolote tofauti kwa sababu wewe ulinunua mwezi wa nne 2022 na si mwezi wa tisa. Dola 2 ni namba ya kweli katika historia yako, lakini haina nguvu yoyote juu ya bei ya kesho.

Unaandika kwamba hasara inakuwa hasara ukishauza. Ninaelewa kwa nini sentensi hiyo inatuliza. Watafiti waliokuja baadaye, kina Nicholas Barberis na Wei Xiong, walionyesha kwamba maelezo ya mwaka 1979 peke yake hayatoshi siku zote kueleza mauzo ya hisa, na kwamba mambo yanafahamika vizuri zaidi tukikubali kuwa watu hupata utamu au uchungu wakati ule hasa wa kuuza, si bei inaposogea. Yaani kuuza kwa faida ni tamu yenyewe, kuuza kwa hasara ni chungu yenyewe, na mtu hupanga mauzo yake kufuata utamu huo. Lakini pesa haifuati. Leo hii, mdogo wangu, huna dola 1,200 katika kobalti ambazo zinasubiri kurudi. Una dola 420. Ukihitaji kumlipia mtoto hospitali kesho asubuhi, 420 ndizo zitakazotoka, na ada ya broka itakatwa humo humo. Zile 780 zilipotea siku bei iliposhuka. Kuuza kutakachofanya ni kukulazimisha kuziona.

Pengine utasema wewe ni mama wa sokoni tu, na hao wenye uzoefu wa hisa hawafanyi hivi. Wanafanya. Mtafiti Terrance Odean alichukua akaunti 10,000 za wateja wa kampuni moja ya udalali wa hisa Marekani, za miaka 1987 hadi 1993. Njia yake ya kuhesabu ilikuwa ya busara, kwa sababu soko likipanda kila mtu atauza za faida nyingi kuliko za hasara, na hilo peke yake halionyeshi kitu. Kwa hiyo kila siku mteja alipouza hisa yoyote, Odean alitazama pia hisa zote nyingine alizokuwa nazo mteja huyo siku hiyo, akauliza: kati ya zenye faida zilizoweza kuuzwa, ngapi ziliuzwa? Na kati ya zenye hasara? Jibu lilikuwa kwamba katika kila nafasi 1,000 za kuuza kwa faida, 148 zilitumika, na katika kila nafasi 1,000 za kuuza kwa hasara, 98 tu. Hisa yenye faida ilikuwa na uwezekano wa kuuzwa mara moja na nusu ya yenye hasara.

Je, walikuwa wajanja, wakijua kwamba zilizoshuka zitapanda tena? Odean alifuatilia. Katika mwaka uliofuata, zile zilizouzwa kwa faida zilifanya vizuri kuliko zile za hasara walizobaki nazo, kwa wastani wa pointi 3.4 za asilimia. Tena Marekani kodi inamsaidia anayeuza kwa hasara, maana hasara inapunguza kodi ya faida zake, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida wangeuza za hasara kwanza. Ni mwezi wa Desemba tu, tarehe ya kodi ikikaribia, ambapo mwelekeo uligeuka na watu wakauza za hasara zaidi. Hilo lanionyesha jambo moja lenye manufaa kwako: mtu akipewa tarehe na sababu ya nje ya kufunga daftari, anaweza kulifunga. Nitarudi hapo.

Kuna kitu kingine katika barua yako nilichokisoma mara mbili. Kobalti uliichagua wewe, pampu alichagua yeye. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, Tom Chang, David Solomon na Mark Westerfield walionyesha kwamba watu wanaong'ang'ania hisa zao za hasara ni wepesi kuuza sehemu zao katika mifuko ya uwekezaji inayosimamiwa na mtu mwingine inapopata hasara. Sababu ni kwamba kwenye mfuko kuna meneja wa kulaumiwa. Kuuza ni kumfukuza kazi. Kwenye hisa uliyoichagua mwenyewe hakuna wa kufukuza. Ninakuomba ujiulize kwa utulivu: kama kobalti ingekuwa chaguo la mdogo wako, ungekuwa bado unaitetea? Mimi naamini ungemwambia auze siku nyingi.

Sasa tuje kwenye zile 420 za likelemba, maana hapo ndipo hatari mpya ilipo. Pesa iliyokwisha kuzama ina mvuto mkubwa, na mvuto huo umepimwa mahali pasipo na hisa kabisa. Hal Arkes na Catherine Blumer, mwaka 1985 pia, waliwapa kwa bahati nasibu baadhi ya wanunuzi wa tiketi za msimu wa michezo ya jukwaani punguzo la bei, wengine wakalipa bei kamili. Waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi katika nusu ya kwanza ya msimu, ingawa michezo ilikuwa ile ile na tiketi zote zilikuwa zimekwisha kulipwa. Kilichowasukuma kwenda ni pesa waliyotoa. Wewe pesa uliyotoa inakusukuma kutoa nyingine.

Hesabu ya kushusha bei ya wastani ni sahihi: 1,200 jumlisha 420 ni 1,620, gawanya kwa hisa 1,200, unapata 1.35. Lakini angalia hesabu hiyo imefanya nini. Imesogeza mstari katika daftari lako. Haijasogeza kampuni. Kabla ya kuongeza, una 420 juu ya kampuni hii. Baada ya kuongeza, una 840 juu ya kampuni hiyo hiyo, na ikifungwa utapoteza mara mbili ya ambacho ungepoteza leo. Na hata huko "kutoka haraka" kunataka hisa ipande kutoka 0.70 hadi 1.35, yaani karibu mara mbili. Kama unaamini hisa itapanda karibu mara mbili, hiyo ni sababu ya kununua hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa nayo. Kama huamini hivyo, wastani wa 1.35 hautakusaidia kitu.

Basi tuitazame kampuni yenyewe. Mdogo wako amekupa tarakimu iliyo nzito kuliko zote, na nadhani hukuipa muda wake.

Uliponunua, hisa milioni 80 kwa dola 2 zilimaanisha kwamba soko linaithamini kampuni nzima dola milioni 160. Kampuni ndogo za utafutaji hazina kitu cha kuuza. Hazichimbi bado. Zinalipa wajiolojia, mashine za kutoboa miamba na maabara, na pesa yake zinaipata kwa kutoa hisa mpya na kuziuza. Kila mara wanapofanya hivyo, sehemu yako inapungua. Ulikuwa na hisa 600 katika milioni 80, sasa una 600 katika milioni 140. Chukua basi kwamba mambo yanakwenda vizuri sana na kampuni inarudi kwenye thamani yake ile ile ya dola milioni 160. Gawanya kwa milioni 140: hisa inakuwa dola 1.14. Kampuni inaweza kurudi kikamilifu pale ilipokuwa, na wewe usiione dola 2, wala hata ile 1.35 yako. Ili dola 2 irudi, kampuni inatakiwa ifike thamani ya milioni 280, na leo, kwa senti 70, ina milioni 98. Na kama pesa yao haimalizi mwaka, watatoa hisa mpya tena, na hesabu hii itakuwa mbaya zaidi kabla haijawa nzuri.

Hiyo ndiyo maana nasema hisa nayo inaoza, ila harufu yake iko kwenye karatasi. Mwambie mdogo wako afungue taarifa ya fedha ya robo mwaka ya mwisho, atafute mistari mitatu: pesa taslimu waliyo nayo, pesa waliyotumia katika miezi hiyo mitatu, na idadi ya hisa zilizotolewa. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, utajua wamebakiza robo ngapi. Linganisha ya tatu na ya mwaka uliotangulia, utajua wanakupunguza kwa kasi gani.

Kuhusu kobalti yenyewe nitakuwa mkweli kwako, kwa sababu hapa upo upande ambao una hoja. Mwaka 2022 uliponunua, tani moja ilikuwa imepita dola 80,000. Baadaye migodi mikubwa ya upande wa Kolwezi na Fungurume ikazidisha uzalishaji, na watengenezaji wengi wa magari ya umeme, hasa China, wakahamia betri za chuma na fosfati ambazo hazitumii kobalti kabisa. Mwanzoni mwa 2025 tani ilikuwa imeanguka hadi kama dola 21,000. Mwezi wa pili mwaka huo serikali yetu ikasimamisha mauzo ya kobalti nje, na mwezi wa kumi ikaweka kiwango maalumu kwa kila kampuni. Kwa kuwa Kongo inatoa zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani, bei ilipanda kwa nguvu. Mtu anaweza kabisa kushika hisa ya kobalti kwa sababu hiyo. Hiyo ni hoja inayotazama mbele, na kushika hisa iliyoshuka kwa hoja inayotazama mbele si kosa hata kidogo.

Lakini uliza hoja hiyo inaifaa kampuni ipi. Bei ikipanda, anayefaidi kwanza ni anayechimba na anayeruhusiwa kuuza. Kampuni yako haina tani hata moja ya kuuza mwaka huu wala mwakani. Faida yake ni kwamba itapata wanunuzi wa hisa mpya kwa urahisi zaidi. Ikiwa unaipenda kobalti, kuna namna nyingine za kuwa upande wake. Ulichokuwa unakiona kwenye foleni ya Kasumbalesa ni mali ya watu wanaochimba, na wewe ukanunua kampuni isiyochimba.

Kwa hiyo fanya jaribio hili kabla ya kumjibu mdogo wako. Chukulia kwamba usiku wa leo hisa zote zimeuzwa bila ruhusa yako, na asubuhi akaunti ina dola 420 taslimu. Je, ungempigia simu umwambie anunue hisa 600 za kampuni hii, kwa senti 70, ukijua idadi ya hisa na pesa waliyobaki nayo? Ukisema ndiyo, na ukaweza kunieleza kwa nini bila kutaja dola 2 wala neno "kurudisha", zishike. Ukisema hapana, basi kinachozishika ni daftari la zamani. Kutoka barua yako nasikia hapana, na kwa hiyo mimi niko na mdogo wako: ziuzwe, na 420 za likelemba zisiguse kampuni hiyo.

Kuhusu namna ya kuuza, kuna mambo machache yanayopunguza uchungu, na yamepimwa. Wanaouza hisa na siku hiyo hiyo kuhamishia pesa kwenye nyingine huona daftari kama limehama, halijafungwa, na Cary Frydman, Samuel Hartzmark na David Solomon waliona katika akaunti halisi kwamba watu wanaofanya hivyo wanaanza kulinganisha na bei ya hisa ya kwanza. Njia hiyo inaweza kurahisisha kuondoka, lakini ujue mtego wake: hisa mpya isije ikarithi deni la 780 ambalo haikulifanya. Pia mwombe mdogo wako akikutumia picha ya akaunti aikate safu ya bei ya kununulia. Katika majaribio ya maabara, bei hiyo ilipofanywa isionekane sana, watu walipunguza kung'ang'ania hasara. Utaona idadi, bei ya leo na jumla moja chini, kama meza yako ya jioni.

Kwa hisa zitakazofuata, tarehe na sababu viandikwe siku ya kununua. Kwa mfano: "Nauza ikiwa pesa yao itashuka chini ya robo mwaka mbili, au hisa zao zikiongezeka zaidi ya robo kwa mwaka." Kuna pia amri ya kuuza inayowekwa mapema kwenye akaunti, ambayo huuza hisa yenyewe bei ikigusa kiwango fulani. Inasaidia kwa sababu inakupokonya ile dakika ya kusita. Lakini kwa hisa ndogo zenye wanunuzi wachache siipendi sana, maana siku moja ya wasiwasi bei inaweza kudondoka, amri ikauza chini, na kesho yake bei ikarudi. Sharti linaloangalia hali ya kampuni ni bora, likiwa na mtu wa kulisimamia, na mtu huyo kwako yupo.

Nako kule kwenye pampu, moyo unaokataa 52 si wako peke yako. Watafiti wameona kwamba wawekezaji huepuka kununua tena hisa waliyoiuza ikapanda, na hununua kwa wepesi iliyoshuka tangu waiuze, kwa sababu kununua juu ni kukiri majuto. Zile 39 sasa ni bei ya kulinganishia ya uongo kama zilivyo zile dola 2. Wala sikuambii urudi huko. Hisa iliyopanda inaweza kuwa imekwisha kuwa ghali, na swali ni lile lile: kama usingewahi kuwa nayo, ungeilipia 52 leo kwa faida inayopata na deni ililo nalo? Mdogo wako aliichagua kwa sababu fulani mwaka 2022. Aseme kama sababu hiyo bado ipo, na kwa bei hii.

Na kwa ile frigo, usisikitike. Kosa halikuwa kuitumia faida. Kosa lilikuwa kuuza zote 40 ili kupata 360, wakati kuuza hisa 10 kungekupa 390, frigo ikanunuliwa, na 30 zikabaki. Leo hizo 30 zingekuwa na thamani ya dola 1,560, pesa ile ile uliyoipata ulipouza zote. Mara nyingine ukihitaji pesa ya nyumba, taja kwanza kiasi unachohitaji, kisha uza kiasi hicho, ukianza na hisa ambayo usingeinunua leo.

Mwandikie basi mdogo wako. Auze kwa amri yenye bei ya chini kabisa mnayoikubali, kwa mfano senti 68, asiuze kwa bei yoyote ile, kwa sababu hisa ndogo kama hizo huwa na pengo kubwa kati ya anayenunua na anayeuza. Kama zote 600 hazitoki siku moja, auze kwa mafungu katika siku mbili tatu. Amuulize broka ada kabla, kwa kuwa ada ya mafungu matatu inaweza kuwa mara tatu. Pesa ikiingia, ikae taslimu hadi akujibu kuhusu pampu, na ya likelemba ibaki likelemba.